Sura ya Nne Imekamilika

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka kwenye nyumba yoyote ya chuo, sisi majirani tulikuwa tunaisikia sauti ya Wongani Nyasulu ikitoka chumbani kwake. Kuta za nyumba zile ni nyembamba, mtu akikohoa kwake jirani anampa pole.

"Mimi ni daktari wa falsafa. Tasnifu yangu imekamilika. Sura ya nne imekamilika. Nyumba hii ni yetu."

"Tena!" Hiyo ilikuwa sauti ya mkewe, Tiyamike. "Kwa nguvu, Baba Tawonga! Unasema kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani."

Wongani anarudia. Mzee Chipeta wa nyumba ya pili, ambaye alifundisha hesabu mpaka meno yakamtoka, alikuwa akifungua dirisha na kusema, "Haya, daktari ameamka, na sisi wagonjwa tuamke." Tulicheka. Leo tukikumbuka kicheko kile tunaona aibu, maana mambo yalikuwa yanaharibika pale pale mbele yetu na sisi tunafanya mzaha.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Wongani alikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu hapa Zomba, na chuo kilimpa likizo ya masomo akasome uzamivu kwenye chuo kikuu pale ng'ambo ya mto. Likizo ilikuwa na mshahara, na mshahara ulikuwa na nyumba. Lakini likizo ilikwishaongezwa mara mbili, na mara hii ya pili mkuu wa chuo alimwita akamwambia kwa upole, upole ule unaotisha kuliko ukali: kamati ya shahada za juu ikikaa mwezi wa tano, kama sura ya nne haijawasilishwa, likizo imekufa, nafasi yake anapewa mwingine, na nyumba inarudi. Wongani alikuwa ameandika sura tatu. Ya nne, ile ya matokeo ya utafiti wake juu ya wanawake wachuuzi wa samaki wa ziwa Chilwa, ilikuwa imemkaa kooni mwaka mzima na zaidi.

Maneno ya asubuhi aliyaleta Tiyamike. Alikwenda semina ya akina mama kanisani, akarudi na mama mmoja wa Blantyre, mwendesha semina, amemjaa kichwani, kila sentensi "yule mama alisema." Yule mama alisema unasimama mbele ya kioo, unajitazama machoni. Unasema kwa wakati uliopo, kana kwamba jambo limekwishakuwa. Huweki neno la kukanusha, huweki "bado," huweki "labda." Asubuhi na kabla ya kulala. Na mtu yeyote wa nyumba akiteleza akatamka shaka, anatakiwa aseme hapo hapo, "Nafuta."

Basi nyumba nzima ilikuwa inafuta. Tawonga, binti yao, aliyekuwa darasa la nane, alisema "Mama, sukari imekwi—nafuta." Wongani alisema "Nimechoka, nafuta." Siku moja umeme ulikatika usiku, na tukawasikia wote watatu gizani, kila mmoja na kufuta kwake.

*

Baada ya maneno hayo ya kioo, Wongani alikuwa anapiga mswaki, anakunywa chai na mihogo ya kuchemsha, anaingia kwenye chumba kidogo alichokifanya ofisi, anafunga mlango. Tiyamike alikuwa anakaa sebuleni kwenye cherehani yake. Alikuwa fundi wa mapazia na sare za shule, na kazi yake ilikuwa safi. Wateja walimfuata kutoka Matawale. Akisikia kimya kule ofisini, moyo wake ulitulia. Alidhani kimya ni kazi.

Kimya hakikuwa kazi. Wongani alikuwa anafungua kompyuta, anaona faili la sura ya nne, na pembeni yake lile faili jingine: maoni ya msimamizi wake, Profesa Likongwe, aliyoyatuma miezi mingi nyuma. Hilo alikuwa hajalifungua. Mwanzoni aliogopa. Baadaye alipata sababu nzuri ya kuogopa: maoni ya msimamizi ni maneno ya kukanusha, na yule mama alisema usiyaruhusu yaingie.

Lakini kilichomsumbua zaidi ni kitu ambacho hakumwambia mtu. Kila alipojitazama machoni akasema "Sura ya nne imekamilika," kulikuwa na sauti ndani inajibu, papo hapo, bila kuchelewa: *Muongo.* Akipaza sauti, nayo inapaza. Akisema mara kumi, anaambiwa muongo mara kumi. Alikuwa anatoka mbele ya kioo amechoka kuliko alivyoingia. Na siku chache ambazo ile sauti ilinyamaza, zilikuwa mbaya zaidi, maana siku hizo alijisikia mwepesi, ameridhika, kama mtu aliyetua mzigo. Akisharidhika hana haja ya kuandika. Alikuwa anapanga vitabu upya kwa urefu wao. Alisafisha vitufe vya kompyuta kwa pamba na spiriti.

"Inakwendaje huko?" Tiyamike alikuwa anauliza mchana, akipakua nsima, ule ugali wetu, na majani ya maboga.

"Imekamilika."

"Amina."

Hivyo ndivyo walivyokuwa wanazungumza, mtu na mkewe, waliooana kwa kupendana.

*

Simu ilipigwa Jumanne. Wongani alikuwa sebuleni, mkewe yuko cherehani, Tawonga anachana nywele. Jina kwenye simu lilikuwa la Profesa Likongwe, na Wongani alilitazama likiwaka na kuzima.

"Pokea," Tiyamike alisema. "Unamwogopa nani? Pokea kama daktari."

Akapokea.

"Bwana Nyasulu." Profesa hakuwa na salamu ndefu. "Kesho nakutana na kamati. Wanataka kukufuta kwenye orodha. Niambie tu, nijue la kusema. Sura ya nne imefika wapi?"

Alitaka kusema imekwama. Alikuwa na hakika, hata baadaye alipotusimulia aliapa, kwamba neno lililokuwa likipanda kooni lilikuwa hilo. Ila ulimi una njia zake ulizozoea. Alikuwa ameyasema yale maneno asubuhi na jioni kwa miezi, akijitazama machoni, kwa sauti ya kuamini.

"Sura ya nne imekamilika," alisema.

Profesa aliuliza, "Imekamilika?"

"Imekamilika, Profesa."

"Ah! Kwa nini hukusema, mtu wewe? Mimi huku nalala na presha." Alicheka, na Wongani hakuwahi kumsikia akicheka. "Basi mimi kesho nawaambia. Nitaweka jina langu. Wiki ijayo Ijumaa unaiwasilisha kwenye semina ya idara, kamati yote ikae isikie. Hongera sana."

Simu ikakatika. Wongani alibaki ameishika sikioni. Tiyamike alikuwa amesimama, mkono kifuani, machozi yanamlenga.

"Umesikia?" alimwambia binti yake. "Umesikia kinywa kinavyofanya kazi? Umetamka, imekuwa!"

"Mama Tawonga..."

"Usiseme kitu. Usiharibu." Alikuwa tayari ameshika simu yake anawapigia watu wa kwao Ntcheu. "Dada! Ijumaa ijayo! Ndiyo, mbele ya maprofesa. Njoo na shangazi. Tutavaa sare."

Wongani alikwenda ofisini, akafunga mlango, akakaa kitini. Hapo angeweza kupiga simu tena. Angesema, Profesa, nimeteleza. Ingekuwa aibu ya dakika moja. Hakupiga, na jioni ile akasimama mbele ya kioo kama kawaida, na mkewe akamwambia, "Leo umesema vizuri."

*

Siku mbili baadaye alikuja mteja mgeni. Mama mnene mwenye sauti laini, Mama Malunga, mumewe anahamia kutoka Mzuzu kuja kufundisha hapa hapa chuoni. Alitaka mapazia ya nyumba nzima, kitambaa cha kijani kizito amekuja nacho mwenyewe.

"Nyumba yenyewe mmeshapewa?" Tiyamike aliuliza, akikipapasa kitambaa.

"Tumeahidiwa. Wanasema mwisho wa mwezi wa tano itakuwa wazi. Hata sijaiona, dada yangu, vipimo nimepewa na ofisi." Akatoa simu akamsomea, na Tiyamike akaandika kwa chaki kwenye meza ya kukatia, kama afanyavyo.

Nyumba za chuo zote ni ndugu. Madirisha ya sebule ni yale yale, ya vyumba ni yale yale. Mteja alipotaja la jikoni, Tiyamike aliinua kichwa.

"Rudia la jikoni."

Akarudia. Lilikuwa pana kupita madirisha yote ya jikoni ya nyumba zile, pana karibu mara mbili, na fupi. Tiyamike alikuwa anajua dirisha moja tu la namna ile. Mkufunzi aliyekaa zamani kwenye nyumba yao, kabla yao, alibomoa ukuta akalipanua ili mkewe apate mwanga wa kupikia, na chuo kikamkata mshahara kwa hilo.

"Kuna tatizo?" Mama Malunga aliuliza.

"Hakuna. Ni pana, basi."

"Wanasema jiko lina mwanga sana. Nimefurahi."

"Ndiyo," Tiyamike alisema. "Lina mwanga."

Mteja alipoondoka, alikwenda jikoni na utepe wake wa kupimia. Hakuwa na haja. Pazia la dirisha lile alilishona mwenyewe. Akapima hivyo hivyo. Akakunja utepe, akautia mfukoni mwa aproni. Kumwambia mumewe maana yake ilikuwa kutamka, na kutamka ni kulipatia jambo miguu. Basi akanyamaza. Asubuhi iliyofuata sote tulisikia sauti yake imepanda kuliko siku zote: "Nyumba hii ni YETU!" Mzee Chipeta hakufungua dirisha kufanya mzaha. Alisema ile sauti ilimtia baridi.

Na kitambaa cha kijani akaanza kukikata. Kazi ya watu ni kazi ya watu, na nyumba ilikuwa inakula kwa cherehani ile.

*

Wongani alijaribu kuandika, tusimwonee. Aliandika kichwa cha sura. Aliandika "Sura hii inawasilisha," akafuta, akaandika "Katika sura hii," akafuta. Usingizi ulimtoka. Jumamosi alisikia sauti ya Tawonga chumbani kwake. Mlango ulikuwa nusu wazi. Mtoto alikuwa amesimama mbele ya kipande cha kioo, mikono kiunoni.

"Mtihani wangu wa darasa la nane nimefaulu. Nimechaguliwa shule ya bweni. Nimefaulu. Nimefaulu."

Kitabu cha hesabu kilikuwa kitandani, kimefungwa, na juu yake amelaza chanuo.

"Umefanya maswali mangapi leo?" Wongani aliuliza.

Tawonga aligeuka kwa aibu. "Bado sija... nafuta. Nimeyafanya."

"Umeyafanya?"

"Nimeyafanya, Baba." Akamtazama machoni, kwa sauti ile ile. Ilikuwa sauti ya Wongani mwenyewe mbele ya kioo.

Jumatatu alikwenda kwa Profesa Likongwe.

*

Profesa alikuwa mwanamke mfupi, mjane, aliyependa kula karanga za kukaanga wakati wa kusoma kazi za watu, na kazi zako zilikuwa zinarudi na maganda. Alimsikiliza Wongani mpaka mwisho bila kutafuna.

"Rudia," alisema.

"Haijakamilika. Sijaandika hata ukurasa. Maoni yako sijayafungua."

"Mimi nimesimama mbele ya kamati." Alisema polepole. "Nimewaambia watu wanaonitafutia kosa tangu nimekalia kiti hiki, nimewaambia, huyu amemaliza, mimi ndiye ninayesema. Unajua umenifanyia nini?"

"Najua, Profesa."

"Hujui. Kwa nini ulisema?"

Wongani akamweleza. Kioo, wakati uliopo, kufuta. Alidhani atafukuzwa. Profesa alivua miwani, akajifuta uso, na ghafla akauliza, "Ukisema, moyo unakujibu nini?"

"Unaniambia muongo."

"Na lazima ukuambie. Mtu mwenye raha zake anaweza kujisifu kioo kikacheka naye. Mtu aliyekwama ukimpa sifa asiyoiamini, anakwenda kutafuta ushahidi wa kuipinga, na wewe ushahidi unao tele. Na siku ukiiamini ni hasara nyingine, kwa sababu umeshakula chakula cha sherehe kabla ya sherehe. Nani ataandika akiwa ameshiba?" Akavaa miwani. "Mimi sina ugomvi na maneno ya asubuhi. Nilipofiwa na mume nikiwa katikati ya tasnifu yangu, yaliniinua maneno. Ila yalikuwa maneno ambayo nikiyasema sishtuki."

"Kama yapi?"

"Chukua kalamu. Si kwenye kompyuta, nyuma ya karatasi yoyote. Niandikie kwa nini ulichagua wale wanawake wa ziwa Chilwa. Usiniandikie kitaalamu. Uliona nini, kilikuuma nini, ni kitu gani kwako wewe kina thamani. Mimi natoka, nina darasa."

Alimwacha peke yake na maganda ya karanga. Wongani alikaa. Halafu aliandika, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita, bila kuinua kalamu. Aliandika juu ya mwaka ziwa lilipokauka, mitumbwi imelala kwenye matope yaliyopasuka. Mama yake alikuwa mchuuzi wa dagaa wakavu, na dagaa wa Chilwa ndio waliomsomesha. Aliandika juu ya bibi mmoja, Abiti Jafali, aliyemfukuza siku ya kwanza akamwambia, wewe ni wa mradi, wa mradi wote mnaandika tumekaa tunalia. Siku ya tatu alimkubali, na mwisho wa mahojiano alimshika mkono. "Usiandike tumekaa," alisema. "Nilikwenda mpaka Msumbiji na kapu kichwani. Andika nilikwenda."

Profesa aliporudi alisoma amesimama.

"Hii ndiyo sababu," alisema. "Kila siku, kabla hujagusa faili, dakika chache, hii. Halafu sentensi zako ziwe za kweli. Sema: Wongani, uliandika sura tatu, na hata ya pili ulikwama ukakwamuka. Jiite kwa jina, kama unamtia moyo rafiki. Halafu sema utakachofanya na saa utakayofanya: nikishaweka kikombe cha chai chini, nafungua maoni ya Likongwe, nasoma la kwanza tu."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa unasimama na ulichonacho, na unasema kwa kinywa chako wewe mwenyewe. Mimi sitakusemea tena." Alikwenda mpaka dirishani. "Na usitegemee muujiza. Sidhani kama hiyo likizo yako itapona."

*

Aliporudi nyumbani aliziondoa kwenye kioo zile karatasi zilizoandikwa maneno ya asubuhi. Tiyamike alimkuta anaivua ya mwisho.

"Unafanya nini?"

"Mama Tawonga, kaa. Sura ya nne haija—"

"Nafuta!" Alimziba mdomo kwa kiganja. "Futa! Sema nafuta!"

"Sifuti."

"Siku nne zimebaki, wewe ndiyo unafungua mlango kwa shetani? Watu wangu wanakuja! Nimewashonea nguo!"

"Nilimdanganya Profesa. Sina hata ukurasa. Nimekuwa nafunga mlango nasafisha kompyuta."

Tiyamike alimtazama kama mgeni. Alikuwa na la kumjibu. Lilikuwa linamchoma ulimi, lilikuwa limelala mezani sebuleni la kijani limekatwa vipande. Hakulisema. Alichukua karatasi kutoka mkononi mwa mumewe, akazinyoosha moja moja, akaenda kuzibandika kwenye ukuta juu ya cherehani yake.

"Wewe kama umechoka kuamini," alisema, "nitaamini mimi kwa niaba ya wote."

Siku zile nne Wongani aliandika. Kikombe kikigusa meza, anafungua faili. Maoni ya kwanza ya Profesa, yaliyomtisha miezi yote ile, yalisema: *Sauti za wanawake hawa ni nzuri. Usizifiche nyuma ya majedwali.* Alisoma akaweka kichwa mezani, akalia. Kisha akavaa visikilizio, akaanza kusikiliza mahojiano upya, akitia alama: hapa anaeleza kuhama, hapa anaeleza kubadili biashara, hapa anaeleza mkopo wa ndugu, hapa anaeleza kile ambacho wanaume wenye samaki wanakidai na mwanamke anashindwa kukitaja jina. Akakusanya vya kufanana pamoja. Akaandika aya. Ilikuwa mbaya. Akaandika ya pili. Ile sauti ya ndani ilikuja kuchungulia ikauliza, *umemaliza?* Akaijibu, *hapana,* na haikuwa na la kuongeza.

Upande wa pili wa ukuta cherehani ililia mchana kutwa, na juu ya mlio wake sauti ya mwanamke: nyumba hii ni yetu, nyumba hii ni yetu.

*

Ijumaa ukumbi wa semina ulijaa kuliko kawaida. Safu ya nyuma walikaa watu wa Ntcheu, wanawake sita wamevaa kitambaa kimoja chekundu, Tiyamike katikati yao, Tawonga pembeni na sare ya shule. Na sisi majirani wawili watatu tulikwenda, akiwemo Mzee Chipeta na fimbo yake. Mbele ilikaa kamati. Profesa Likongwe alikaa mwisho wa meza, hakumtazama mtu.

Wongani alisimama. Shangazi mmoja akapiga kigelegele, akanyamazishwa.

"Niliambiwa niwasilishe sura ya nne iliyokamilika," alisema. "Haijakamilika. Nilimwambia msimamizi wangu imekamilika, na alinisadiki, na aliwaambia ninyi kwa nia njema. Kosa ni langu. Nina kurasa kumi na moja. Nimeziandika wiki hii."

Mjumbe mmoja wa kamati, kijana wa suti, aliweka kalamu chini. "Kwa hiyo tumeitwa hapa kusikiliza nini?"

"Kurasa kumi na moja."

"Miaka yote hii?"

"Ndiyo, bwana."

Huyo kijana alicheka puani, na wanawake wa Ntcheu wakatazama magoti yao. Wongani akasoma. Alisoma kwa sauti ya kawaida, si ile ya kioo. Alipofika kwa Abiti Jafali na kapu lake kichwani, Profesa Likongwe aliinua uso. Maswali yalikuwa makali, mengine alishindwa, akasema "hilo sijui bado," na neno *bado* lilisikika nyuma kabisa, maana Tiyamike alishtuka kitini.

Uamuzi ulikuja mchana. Usajili wake hawakuufuta. Wakampa miezi sita, na hiyo ilikuwa kazi ya Profesa, aliyoilipia kwa kuvuliwa uenyekiti wa semina. Lakini mkuu wa chuo cha ualimu alikuwa ameletewa taarifa kabla hata watu hawajatoka ukumbini. Likizo iliahidiwa kwa sura iliyokamilika, na sura haikukamilika. Kijana wa ofisi alikuja na bahasha jioni ile ile, akaikabidhi kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama anavyomkabidhi mkubwa.

Wongani alisoma kwamba likizo imekufa na nyumba inarudi, akaikunja barua. Watu wa Ntcheu walikuwa wanakula sebuleni. Mmoja wao alianza kufunga mzigo.

*

Asubuhi ya Jumatatu hatukusikia sauti yoyote kutoka kwa Nyasulu. Mzee Chipeta alitoka nje kusikiliza vizuri.

Wongani alikuwa ofisini. Alikuwa ameandika dakika zake chache, amejiita kwa jina, ameweka kikombe chini. Alisikia ngazi ya mbao ikiburutwa jikoni, akainuka.

Tiyamike alikuwa juu ya ngazi, pini mdomoni, anatundika pazia la kijani kwenye dirisha lile pana. Alilivuta kushoto, akalivuta kulia. Lilikaa sawasawa, halikupungua wala kuzidi kidole. Mwanga wote wa jikoni ukageuka kijani.

"Zuri," Wongani alisema. "La nani?"

"La Mama Malunga. Mumewe anakuja kufundisha. Nilitaka nione urefu kabla sijakabidhi."

"Na dirisha lake..." Alitazama dirisha, akatazama mkewe. "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku alipoleta kitambaa."

"Ukanyamaza."

"Wewe ulinyamaza mwaka mzima."

Tawonga alikuwa amesimama mlangoni, begi lake la shule mkononi, kitabu cha hesabu kinachungulia. Alimtazama mama juu ya ngazi, akamtazama baba.

"Baba," alisema, "nyumba hii ni yetu?"

"Si yetu, mwanangu."

Mtoto alimgeukia mama yake, akangoja. Baba naye akangoja. Hata Mzee Chipeta, nje chini ya dirisha, aliyesikia kila kitu na ndiye aliyetusimulia, anasema alishika fimbo yake akangoja lile neno moja, kwa sababu katika nyumba ile halikuwahi kukosa kusemwa.

Tiyamike alizitoa pini mdomoni, moja moja. Hakusema nafuta. Alilivua pazia, akashuka ngazi, akalitandaza mezani, akamwambia Tawonga amletee pasi.